Ripoti Yenu Inaishia Homa Bay

Wasee, leo si video. Hii stori haingii kwa sekunde 60 na nusu yake ni namba, kwa hivyo shika chai.

Mama yangu mdogo anauza omena Muhuru Bay, kule chini kabisa Migori, mahali simu inaweza kukukaribisha Tanzania na wewe bado umesimama Kenya. Ananunua omena mbichi alfajiri boti zikifika, anaianika kwa nyavu zilizotandazwa chini, jioni anaikusanya, halafu anangoja lori. Mvua ikinyesha kabla haijakauka, hiyo omena inaharibika na inaenda kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kwa hivyo yeye hana muda wa kubishana na mnunuzi siku tatu. Akiwa na bei ya kweli asubuhi, anauza vizuri. Akikosa, anakubali ile anayoambiwa.

Sasa mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na nikarudi Homa Bay na kompyuta moja na mdomo mwingi. Kati ya vibarua nilivyopata, kimoja kilikuwa cha ofisi fulani ya wanunuzi wa samaki, jina siweki. Walikuwa na ripoti ya bei kutoka bichi 30, ishirini za Homa Bay na kumi za Migori, inayotumwa kwa barua pepe kila Jumanne na Ijumaa kwa watu 86: mawakala, madereva wa malori, na akina mama wa omena kama mama mdogo. Kazi yangu ilikuwa "kuifanya ipendeze". Hayo ndiyo maneno ya meneja.

Najua mtaniuliza mbona barua pepe, si wangeweka kwa kikundi cha WhatsApp. Walijaribu. Bei inatumwa saa kumi na mbili asubuhi, kufika saa moja iko chini ya stika 40, mchango wa matanga na mtu anauza pikipiki. Barua pepe inakaa. Kila simu ya Android unayonunua inakudai akaunti ya Gmail hata kama hujui utaitumia wapi, kwa hivyo watu wako nayo tayari. Na ikishaingia kwa simu, maandishi yake unaweza kuyasoma hata kama mtandao umekufa. Kwa mtu aliye ziwani hilo si jambo dogo.

Basi nikaipendezesha. Nikaweka bana juu, boti na machweo ya jua, picha ya KB 900. Nikaweka nembo. Nikaweka grafu ya rangi kama picha. Jedwali lenyewe sikuligusa, lilikuwa linanakiliwa moja kwa moja kutoka Excel na kubandikwa kwa mtambo wa kutuma barua. Meneja akaifungua kwa Outlook, skrini kubwa, waifai ya ofisi, akasema kijana umeweza. Nililala vizuri hiyo siku.

Wiki mbili baadaye nikaenda Muhuru kumsalimia mama mdogo. Nikamuuliza kama anapata ripoti. Akanitazama vile wanakutazamanga ukiwa umeharibu kitu na hujui.

"Napata. Lakini ripoti yenu inaishia Homa Bay."

Nikadhani anatania. Akanipa simu yake, Itel ndogo yenye ufa pembeni. Nikafungua. Kwanza sanduku jeupe mahali pa boti na machweo, linazunguka tu. Chini yake jedwali lenye herufi kama siafu. Nikavuta chini, chini, bichi zote za Homa Bay zimo, kisha mbili za Migori, kisha jedwali likakatika na maneno haya:

```
[Message clipped]  View entire message
```

Muhuru haikuwepo. Sori haikuwepo. Yeye alikuwa anadhani hayo maneno ya bluu ni tangazo, na sikuweza kumlaumu. Nikayabonyeza. Ukurasa mweupe. Tukangoja mpaka chai ikapoa.

Halafu akaniambia, bila hasira, kwamba Ijumaa iliyopita mwenye lori alimwambia bei imeshuka, debe ni 1,100. Alitafuta Muhuru kwa ripoti, hakuiona, akauza debe 18. Mimi nilikuwa na ripoti nzima kwa kompyuta. Ilisema 1,250. Toa hesabu: 150 mara 18, ngiri mbili na mia saba. Hiyo pesa haikuibwa na mtu. Ilikuwa imeandikwa, imetumwa, imefika mpaka mkononi mwake, na ikakatwa sentimita chache kabla ya jina la kwao.

Usiku huo sikulala, nikaanza kutafuta imekatwa na nani.

Gmail ina kikomo. Barua ikizidi takriban KB 102 za HTML, inaonyesha mwanzo na kuficha kilichobaki nyuma ya ule mstari. Sikiza vizuri hapo: ni HTML yenyewe inayohesabiwa, yaani maandishi na alama zake, si picha zinazoletwa kutoka kwingine. Kwa hivyo ile bana yangu ya KB 900 ilikuwa na dhambi zake, ilikula bando na muda, lakini siyo iliyokata Migori. Iliyokata Migori ni jedwali. Na jedwali lilikuwa maneno tu na namba! Maneno na namba za bichi 30 zinawezaje kufika KB 102?

Ukitaka kuona, fungua barua kwa Gmail ya kompyuta, bonyeza vile vitone vitatu, chagua kuonyesha barua asili, uipakue na kuifungua kama maandishi. Nikatafuta bei moja tu, 1250. Ilikuwa imevaa hivi:

```
<td style='border:solid windowtext 1.0pt;padding:0cm 5.4pt 0cm 5.4pt;height:15.0pt'><p class=MsoNormal align=right style='text-align:right'><span style='font-size:11.0pt;font-family:"Calibri",sans-serif;color:black'>1250</span></p></td>
```

Herufi nne za maana, na zaidi ya 230 za nguo. Excel ukiinakili inabeba kabati lote: mpaka wa kila kisanduku, urefu wake, fonti yake, rangi nyeusi ambayo ingekuwa nyeusi hata bila kuambiwa. Jedwali lilikuwa na safu tisa: tarehe, kaunti, bichi, aina ya samaki, kilo, boti, bei ya wiki jana, bei ya leo, tofauti. Tisa mara bichi 30 ni visanduku 270, na 270 mara 236 ni karibu KB 64. Juu ya hapo kulikuwa na kama KB 55 za mitindo ya Office iliyobandikwa mwanzoni, mambo ya vichwa na orodha ambayo barua haikuitumia hata moja. Jumla KB 119.

Sasa fanya hesabu ya kisu. Toa 55 kwa 102, zinabaki 47 za jedwali. Kila mstari unakula KB 2 na kidogo. Inaingia mistari kama 22. Na jedwali lilipangwa kwa alfabeti, kaunti kwanza: H kabla ya M. Ishirini za Homa Bay, mbili za Migori, kwisha. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akaamua Migori wasipate bei. Alfabeti na Excel waliamua, na ofisini hakuna aliyeona kwa sababu Outlook haikati.

Lakini kuna sehemu iliyoniuma zaidi, na niliigundua siku iliyofuata.

Ule mtambo wa kutuma barua ulikuwa unahesabu nani amefungua. Unafanya hivyo kwa kuweka picha moja ndogo sana, pikseli moja kwa moja, isiyoonekana, mwisho kabisa wa barua. Simu ikiivuta hiyo picha, mtambo unaandika: huyu amefungua. Mwisho wa barua. Yaani baada ya Muhuru, chini ya pale kisu kilipita. Mtu wa Gmail akifungua ripoti, akaisoma yote iliyobaki, hata mara tatu, pikseli haivutwi na anahesabika hajafungua. Waliokuwa wanahesabika ni wa Outlook, watu wa ofisini. Na meneja alikuwa ameshaniambia, mimi nikiwa hapo nimetingisha kichwa, kwamba "hawa watu wa bichi hawasomi, tutawatoa kwa orodha tupunguze gharama". Mama mdogo alikuwa karibu kufutwa kwa kosa la kutosoma barua ambayo tulimkatia.

Nikaanza upya. Swali la kwanza halikuwa la rangi. Lilikuwa: mtu akisimama ufuoni na jua usoni, mkono mmoja una ndoo, anataka kujua nini? Mama mdogo alinijibu kwa sekunde moja. Bei ya kwetu, imepanda au imeshuka, na jirani wanauza ngapi. Tarehe iko moja kwa ripoti nzima, inakaa juu mara moja. Kaunti anaijua, anaishi humo. Kilo na boti ni za ofisi. Safu tisa zikawa tatu.

Na hata bila uzito, tisa hazingewahi kutosha. Simu nyingi za bei yetu, skrini yake ni kama pikseli 360 kwa upana, ukihesabu vile kurasa zinahesabu. Gawanya kwa tisa, kila safu inapata 40, na ukitoa nafasi ya pembeni zinabaki herufi tatu au nne. Gmail ikiona jedwali halitoshi inalibana lote mpaka litoshe, ndiyo ile siafu niliyoiona. Ukigawanya kwa tatu kila safu inapata 120, na hapo unaweza kuandika kwa herufi kubwa kama za meseji ya kawaida. Mstari wa Muhuru ukawa hivi:

```
<tr><td>Muhuru</td><td align="right">1,250</td><td align="right">juu 50</td></tr>
```

Herufi 81. Mara 30 ni KB 2.4 jedwali zima. Ukubwa wa herufi nimeuandika mara moja, mlangoni, si kwa kila kisanduku:

```
<table width="100%" cellpadding="6" cellspacing="0" style="font-size:16px">
```

Hiyo `100%` ni muhimu. Ukiandika upana wa 600 kama zile templeti za bure mnazopakua, umerudi kwa siafu. Hakuna mipaka ya mistari, hakuna rangi nyuma, hakuna fonti ya kuletwa kutoka mtandaoni. Namba zimeegemea kulia ili maelfu yakae chini ya maelfu na jicho lishuke bila kufikiri. Barua nzima pamoja na salamu haikufika KB 4.

Tuseme mtandao umeanguka mpaka 2G na unapata KB 5 kwa sekunde. Ile ya kwanza, HTML peke yake, ni sekunde 24, na boti zangu za machweo ni dakika tatu juu yake. Hii mpya ni chini ya sekunde moja. Usiniamini mimi, ingia kwa mipangilio ya simu yako, weka mtandao uwe 2G tu, ujitumie barua yako mwenyewe na ungoje. Kama umetengeneza kitu cha watu na hujawahi kukifungua hivyo, hujakifungua.

Sasa ile "juu 50". Mwanzoni niliandika +50 na -150, na nikapaka iliyoshuka nyekundu. Nikampelekea mama mdogo. Akasoma mstari wa bichi moja, 1,200 -150, akaniuliza: "Ni kutoka 1,200 mpaka 150?" Kile kistari kwake ni "mpaka", kama kwa kalenda. Na nyekundu kwenye jua la saa nne, kwa skrini yenye ufa na mwanga umepunguzwa kuokoa chaji, ni nyeusi tu. Nikaandika maneno: juu, chini, sawa. Na Aprili mpaka Julai, omena ikifungwa ili izaane, kisanduku hakibaki tupu. Kinaandikwa "imefungwa", kwa sababu kisanduku tupu kwa mtu aliyeshakatwa mara moja kinamaanisha mmenikata tena.

Nilitaka pia grafu, nakiri. Picha nilishaiacha, lakini kuna njia ya kuchora kwa visanduku vya jedwali vilivyopakwa rangi, kimoja kirefu kimoja kifupi, hakuna picha inayopakuliwa. Nilijivunia sana hiyo kitu. Mama mdogo akaniuliza ule mstari wa kijani ni wa nini. Nikamweleza. Akasema, "Lakini namba iko hapo kando." Nikaitoa. Bado inaniuma kidogo.

Kitu kilichobaki kilikuwa kubwa kuliko hivyo vyote, na wazo lake ni la zamani. Hapa ziwani watu wa KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na samaki, waliwahi kuwa na huduma ya bei za samaki kwa meseji za kawaida. Meseji ina herufi 160. Hakuna bana, hakuna nembo, mtu anasoma bei akiwa bado kwenye boti. Nikajiuliza, barua pepe ina sehemu gani inayosomwa hivyo? Iko. Kichwa cha barua, na maneno ya kwanza ya ndani, ndivyo vinavyoonekana kwa arifa kabla hujafungua kitu. Barua yetu ya zamani kichwa kilikuwa "Ripoti ya Bei za Samaki ya Wiki, Kaunti za Homa Bay na..." kisha simu inakata. Na maneno ya kwanza, sijui nani aliyaweka, yalikuwa "Ikiwa huoni barua hii vizuri, bonyeza hapa". Huo ndio uwanja bora zaidi wa barua nzima, na tuliutumia kuomba msamaha.

Sasa kichwa cha mama mdogo kinasoma: "Muhuru 1,250 juu 50, Jumanne 12/9". Maneno ya kwanza ndani: "Sori 1,300 juu 100. Homa Bay mjini 1,200 sawa." Tarehe kwa kichwa si ya urembo. Kichwa kikiwa kilekile kila wiki, Gmail inazikusanya barua kuwa mazungumzo moja, na sehemu zinazofanana na barua iliyotangulia inaweza kuzificha nyuma ya vitone vitatu. Kwa ripoti ya bei, ambapo bichi nyingi hazibadiliki, unaelewa hiyo ni hatari gani.

Kila mtu anapata kichwa cha bichi yake, na mistari ya kaunti yake juu. Hiyo haihitaji mtambo wa pesa. Namba zinakaa kwa Google Sheets, na skripti ndogo inapita mtu mmoja baada ya mwingine:

```
MailApp.sendEmail({
  to: anwani,
  subject: kichwa,
  body: maandishi,
  htmlBody: jedwali
});
```

Usiruke ule mstari wa `body`. Ni nakala ya maandishi matupu, kwa simu au programu isiyotaka HTML, na ukiiacha tupu kuna mtu atapata barua nyeupe. Kikomo chake ni kwamba akaunti ya bure ya Gmail inaruhusu skripti kutuma kwa watu 100 kwa siku. Sisi ni 86. Tukifika 101 nitaanza kutafuta njia nyingine, na pengine nitalipishwa.

Meneja hakuipenda. Alisema inaonekana maskini, kama risiti. Alitaka nembo irudi, alitaka safu zake tisa, na hapo kwa safu ana haki, ofisi inahitaji kilo na boti. Zipo, kwa ile Sheets, kiungo kiko chini ya barua kwa mwenye bando na kioo kikubwa. Nembo nikamwekea jina la ofisi kwa herufi nene. Hakucheka.

Lakini swali lake la maana lilikuwa lingine: bila ile pikseli ya kuhesabu, tutajuaje wanasoma? Na sikuwa na jibu zuri. Nilivyoipanga ni mbaya zaidi kwa hesabu, kwa sababu mtu akisoma bei kwa arifa hafungui barua kabisa. Hata pikseli ikirudi, mama mdogo ataonekana mvivu kuliko wote, na bei anaijua kabla hajavaa viatu. Nikamwambia meneja tuwapigie watu kumi simu. Akasema tutaona, ile tutaona ya hapana.

Jumanne moja nikakosea. Mtu wa kuingiza namba alichapa sifuri moja zaidi, mimi sikuangalia, skripti ikatuma saa kumi na mbili kama kawaida: Muhuru 12,500. Nilikuwa nimelala. Kufika saa moja nilikuwa na simu 11 ambazo sikuzipokea. Mawakala wawili, dereva mmoja wa lori amechanganyikiwa kabisa, wengine namba nisizozijua. Ya mwisho nikaipokea.

"Nyathina," mama mdogo akasema, nyuma yake nasikia boti zinavutwa, "kama debe ni 12,500, mimi leo sianiki. Naenda kununua gari."

Nikapiga picha ya ile orodha ya simu 11, nikaituma kwa meneja. Kwa WhatsApp.